Tovuti bandia ya maombi

Tovuti bandia ya maombi ni ukurasa wa mtandaoni unaojifanya kuwa wa taasisi inayopokea maombi ya kazi, mkopo wa masomo, nafasi ya chuo, ufadhili, viza au msaada, huku lengo lake likiwa kukusanya taarifa za siri au fedha za anayejaza. Fomu iliyo ndani yake huitwa fomu ya hadaa. Tofauti na virusi vya kompyuta, fomu ya hadaa haihitaji kuvunja mfumo wowote: mwathirika mwenyewe huandika taarifa zake na kubonyeza kitufe cha kutuma.

Dalili za tovuti ya namna hii zimegawanyika katika makundi mawili: taarifa inazoomba, na jinsi inavyoonekana pamoja na anwani yake. Kundi la kwanza ndilo la kutegemewa zaidi. Rangi, nembo na picha za taasisi halisi zinaweza kunakiliwa kwa dakika chache, lakini tapeli hawezi kuacha kuomba kile anachokitaka. Kwa sababu hiyo fomu yenyewe hufichua nia yake.

Makala hii inatumia zaidi mfano wa maombi ya mikopo ya wanafunzi nchini Tanzania, ambayo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kwa kuwa utaratibu wake unajulikana na wengi na unaonyesha vizuri tofauti kati ya fomu halisi na ya bandia.

## Namna inavyofanya kazi

Kiungo cha tovuti bandia husambazwa kwa ujumbe wa simu, barua pepe, matangazo ya mitandao ya kijamii au makundi ya WhatsApp. Mara nyingi huja wakati ambapo watu wanatarajia tangazo la kweli: dirisha la mikopo linapokaribia kufungwa, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, au nafasi nyingi za kazi za serikali zinapotangazwa. Anayepokea haoni ajabu, kwa kuwa tayari alikuwa akisubiri habari kama hiyo.

Anapofungua kiungo hukuta fomu. Kila anachoandika huhifadhiwa kwa tapeli, na katika baadhi ya kurasa maandishi hutumwa hata kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho. Baadaye taarifa hizo hutumika kwa njia mojawapo kati ya tatu: kuchukua fedha moja kwa moja, kuteka akaunti ya mhusika ili kuwatapeli watu wanaomfahamu, au kuuziwa wengine ambao watampigia simu wakitaja jina lake kamili na chuo alichoomba ili wasadikike.

## Dalili katika taarifa zinazoombwa

Mtu anayejaza fomu anaweza kujiuliza kuhusu kila kisanduku: taasisi hii inahitaji jambo hili kwa kazi gani, na kwa nini inalihitaji sasa? Katika fomu halisi swali hilo huwa na jibu jepesi.

### Taarifa za utambulisho na taarifa za idhini

Taarifa binafsi hazina uzito sawa. Kuna zile zinazoeleza mtu ni nani: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mtihani, namba ya akaunti ya benki. Hizi zinaweza kuombwa kihalali. Kwa mfano, mwombaji wa mkopo anaweza kuulizwa namba ya akaunti, kwa sababu ndiko fedha zitakakopelekwa.

Kuna nyingine ambazo hazielezi mtu ni nani bali humpa aliye nazo uwezo wa kutenda kwa niaba yake. Hizo ni namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine ya fedha kwa simu, nywila ya barua pepe, tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi ya benki, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Hizi ni taarifa za idhini.

Kanuni inayofuata ni nyepesi: kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri hutumika kutoa fedha. Fomu inayosema "weka namba yako ya siri ili tukutumie mkopo" inaomba ufunguo wa mlango wa kutokea huku ikiahidi kuingiza kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa nywila ya barua pepe. Taasisi inayotaka kumwandikia mwombaji inahitaji anwani yake tu. Anayetaka kusoma barua zake ndiye anayehitaji nywila. Tovuti halisi humtaka mwombaji atunge nywila mpya kwa ajili ya tovuti hiyo, na tapeli hunufaika hapo pia, kwa kuwa watu wengi hurudia nywila moja kila mahali.

Namba ya uthibitisho inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hata tovuti za kweli huituma. Jambo la kuangalia ni ujumbe ulioileta. Ujumbe huo hutaja huduma iliyotuma na sababu yake. Ikiwa fomu ni ya mkopo lakini ujumbe unasema namba hiyo ni ya WhatsApp, basi kuna mtu ambaye wakati huo huo anajaribu kufungua WhatsApp ya mwombaji kwenye simu nyingine, na fomu inatumika kumpatia tarakimu sita anazozikosa.

### Taarifa zinazoombwa kabla ya wakati wake

Baadhi ya taarifa ni halali lakini zina wakati wake. Mwajiri anaweza kuhitaji namba ya akaunti ya benki, lakini baada ya kumwajiri mtu, ili amlipe mshahara. Katika hatua ya kutuma maombi anahitaji elimu, uzoefu na namna ya kuwasiliana na mwombaji. Fomu ya kazi ambayo ukurasa wake wa kwanza unaomba picha ya kitambulisho pande zote mbili, pamoja na picha ya mwombaji akiwa amekishika usoni, imeruka hatua. Picha ya namna hiyo ndiyo inayotumiwa na baadhi ya huduma za mtandaoni kuthibitisha mteja mpya, hivyo anayeipata anaweza kufungua akaunti kwa jina la mtu mwingine.

### Taarifa ambazo hazikuombwa

Dalili hii husahaulika, nayo ina nguvu. Fomu bandia huomba vinavyomfaa tapeli na mara nyingi huacha kile ambacho taasisi haiwezi kufanya kazi bila kuwa nacho.

Maombi ya mkopo wa HESLB huanza na namba ya mtihani wa kidato cha nne, yenye alama ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani. Kwa namba hiyo taarifa za mwombaji hulinganishwa na zile za Baraza la Mitihani la Tanzania. Baadaye huhitajika cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka inayohusika kwa waliozaliwa Zanzibar, na taarifa za mdhamini. Bila hayo bodi haiwezi kupima kama mtu anastahili mkopo. Fomu inayodai kutoa mkopo huo kwa kuuliza jina, simu na "kiasi unachohitaji" tu haina njia yoyote ya kumpima mwombaji, kwa sababu haina nia ya kumpima.

Vivyo hivyo, namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu makini hukataa namba iliyopungua tarakimu au isiyolingana na tarehe iliyoandikwa juu yake. Fomu bandia nyingi hupokea chochote. Mtu aliyekosea tarakimu moja na kuona maneno "Hongera, umethibitishwa" amepata sababu nzuri ya kusimama hapo.

### Ada na njia ya kulipa

Kuwepo kwa ada peke yake si ushahidi wa utapeli. Kwa miaka ya karibuni ada ya kuomba mkopo wa HESLB imekuwa Sh 30,000. Tofauti ipo katika njia ya kulipa. Malipo ya taasisi za umma Tanzania hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Namba hiyo ina tarakimu 12, hutengenezwa na mfumo kwa ajili ya mwombaji mmoja na malipo mamoja, nayo hulipwa benki au kupitia sehemu ya malipo ya serikali katika huduma za fedha kwa simu.

Tovuti bandia hutoa namba ya simu ya kawaida au namba ya wakala. Mlipaji anapoingiza namba hiyo, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Jina la mtu binafsi likitokea mahali palipotarajiwa jina la taasisi, muda wa kughairi bado upo.

Kwa upande mwingine kuna huduma ambazo hazina ada kabisa, na hapo ombi lolote la fedha linatosha kuwa jibu. Kutuma maombi kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia `portal.ajira.go.tz` ni bure. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) hutoa huduma zake bila malipo, ikiwemo ya kupelekwa nchi ya tatu, jambo ambalo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walio katika kambi za Afrika Mashariki hutapeliwa nalo.

## Dalili katika anwani

Anwani iliyo juu ya kivinjari ndiyo sehemu pekee ya mwonekano ambayo tapeli hawezi kuinakili yote. Anaweza tu kuikaribia.

Jina la tovuti husomwa kuanzia kulia, yaani kutoka mwisho wake. Kwanza hutafutwa mkwaju mmoja wa kwanza baada ya `https://`. Kilicho nyuma ya mkwaju huo ni ukurasa tu. Kisha husomwa maneno yaliyo kabla ya mkwaju kutoka kulia kwenda kushoto. Katika anwani ya kwanza hapa chini, mwisho wa jina ni `heslb.go.tz`. Katika ya pili, maneno hayo yapo, lakini mwenye tovuti ni yule aliyesajili jina la mwisho.

```
https://www.heslb.go.tz/
https://heslb.go.tz.mkopo-awamu2.example/omba
```

Kiishio `.example` kimetengwa kwa ajili ya mifano na hakisajiliwi; katika hadaa ya kweli mahali pake huwa na `.com`, `.xyz`, `.top` au kingine kinachonunuliwa na yeyote. Simu hufanya ujanja huu ufanikiwe zaidi, kwa sababu kioo chake ni chembamba na anwani ndefu hukatwa. Kugusa anwani na kuivuta hadi mwisho wa jina huonyesha sehemu iliyofichika.

Baadhi ya viishio havigawiwi kwa kila mtu. Nchini Tanzania `.go.tz` ni cha taasisi za serikali na `.ac.tz` ni cha taasisi za elimu ya juu; Kenya ina `.go.ke` na `.ac.ke`. Kuwa na kiishio hicho mwishoni kabisa mwa jina ni dalili nzuri. Kukikosa, hata hivyo, si hukumu. Bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, HELB, ni taasisi ya serikali lakini tovuti yake ni `helb.co.ke`. Kwa hiyo ni bora kujua anwani ya taasisi inayohusika kuliko kutegemea kiishio peke yake.

Ujanja mwingine ni kubadili herufi moja: namba 1 badala ya herufi l, au rn badala ya m. Programu za kutunza nywila husaidia hapa, kwa kuwa hulinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi. Programu ambayo kila siku hujaza nywila yenyewe ikikaa kimya kwenye ukurasa unaofanana na ule wa kila siku, huenda jina la ukurasa huo limebadilishwa.

## Dalili katika mwonekano

### Mambo yasiyothibitisha kitu

Nembo, rangi za taasisi, picha ya waziri na maneno ya haki miliki chini ya ukurasa hunakiliwa moja kwa moja kutoka tovuti halisi.

Alama ya kufuli karibu na anwani nayo hufahamika vibaya. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefungwa, hivyo mtu wa tatu njiani hawezi kuyasoma. Haisemi tovuti hiyo ni ya nani. Vyeti vinavyoleta alama hiyo hupatikana bure, na tovuti za hadaa huwa navyo. Mwaka 2023 kivinjari cha Chrome kiliondoa alama ya kufuli kwenye anwani, sababu mojawapo ikiwa kwamba watu waliichukulia kama cheti cha uaminifu.

Lugha mbovu ilikuwa dalili ya kutegemewa zamani. Siku hizi fomu nyingi bandia zimeandikwa kwa Kiswahili safi, kwa hiyo usafi wa lugha hauthibitishi ukweli, ingawa makosa mengi bado yanatia shaka.

### Mambo yanayotia shaka

* '''Viungo vilivyokufa.''' Menyu ya juu ina "Kuhusu sisi", "Machapisho" na "Mawasiliano", lakini kila kimoja kikibonyezwa hakifungui kitu au humrudisha mtu kwenye fomu. Tapeli amenakili uso wa tovuti bila nyumba iliyo nyuma yake.
* '''Saa inayohesabu kurudi nyuma.''' Ukurasa huonyesha kuwa zimebaki dakika 9 au nafasi 27. Ukifunguliwa upya, saa huanza tena mwanzo.
* '''Uhakiki wa kuigiza.''' Baada ya kutuma, mstari hujaa polepole kwa maneno "Tunahakiki taarifa zako", kisha kila mtu hufaulu.
* '''Maoni ya wanufaika.''' Chini ya fomu huwekwa maoni yanayofanana na ya Facebook, yenye picha na idadi ya waliopenda. Ni picha au maandishi yasiyobadilika. Kitufe cha kujibu hakifanyi kazi.
* '''Sharti la kusambaza.''' Mwombaji huambiwa atume kiungo kwa marafiki 15 au makundi 5 ya WhatsApp ili ombi likamilike. Hakuna taasisi inayopima sifa za mwombaji kwa idadi ya watu aliowatumia ujumbe. Sharti hili ndilo linaloifanya hadaa ijieneze yenyewe.

## Mfano wa fomu moja

Mfano ufuatao umetungwa kwa kuunganisha dalili zinazojulikana, ili kuonyesha jinsi zinavyosomwa kwa pamoja.

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita anapokea ujumbe katika kundi la WhatsApp la darasa lake la zamani. Aliyeutuma ni rafiki anayemfahamu. Ujumbe unasema: "Bodi imeongeza siku 3 kwa waliokosa mkopo. Jaza hapa haraka", na chini yake kuna anwani `heslb.go.tz.mkopo-awamu2.example/omba`.

Ukurasa wa kwanza una nembo ya bodi na unaomba jina, chuo, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha taifa. Vyote hivyo vinaweza kuombwa kihalali. Kilichokosekana ni namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo ndiyo mwanzo wa maombi halisi. Mwanafunzi anaandika namba ya kitambulisho kwa haraka na kuruka tarakimu moja, lakini ukurasa unaendelea bila kulalamika.

Ukurasa wa pili unamtaka achague mtandao wa simu na kuweka namba ya siri ya huduma ya fedha "ili kuthibitisha kuwa namba ni yako". Hii ni taarifa ya idhini, na inaombwa na mtu anayedai kuleta fedha. Hata kama yote mengine yangekuwa sawa, ukurasa huu peke yake unatosha kufunga kivinjari. Namba ya siri bila laini ya simu haitoi fedha mara moja, lakini tapeli akifanikiwa kupata laini nyingine yenye namba ile ile kwa udanganyifu, kilichokuwa kimebaki anacho tayari.

Ukurasa wa tatu unasema: "Tumekutumia tarakimu 6, ziweke hapa." Kweli ujumbe unaingia, lakini unaeleza kuwa ni namba ya WhatsApp na kwamba asimpe mtu. Akiiandika, WhatsApp yake inahamia kwenye simu ya tapeli. Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini ujumbe wa mwanzo ulitoka kwa rafiki: rafiki huyo alijaza fomu hiyo kabla yake, na aliyeandika kwenye kundi hakuwa yeye.

Ukurasa wa mwisho unadai Sh 10,000 za "kuharakisha" zitumwe kwa namba ya simu ya kawaida. Hakuna namba ya kumbukumbu ya malipo, na jina linalojitokeza kwenye simu ni la mtu binafsi.

Mwanafunzi huyo angeweza kugundua hadaa mahali pa kwanza kabisa kwa kusoma anwani kutoka kulia. Lakini hata aliyepitwa na anwani alikuwa na nafasi nne zaidi: kisanduku kilichokosekana, namba yenye kosa iliyopokelewa, namba ya siri, na ujumbe usiolingana na fomu.

## Mipaka ya dalili

Dalili zilizotajwa husaidia kutambua, lakini hazitoi uhakika kamili kila mara.

Tovuti ya taasisi halisi inaweza kuwa mbovu: viungo vimekufa, picha hazionekani, mfumo unakwama siku za mwisho za maombi. Ubovu wa mwonekano peke yake hautoshi kuihukumu. Kinyume chake, tovuti halisi inaweza kuvamiwa na ukurasa wa hadaa ukapandwa ndani yake, na hapo anwani itakuwa sahihi. Katika hali hiyo kinachobaki ni kuangalia fomu inaomba nini.

Baadhi ya mashirika madogo na vyama hupokea maombi kwa Google Forms, na matapeli hufanya hivyo pia. Anwani huwa ni ya Google kwa wote wawili, hivyo haisemi aliyetengeneza fomu ni nani. Google yenyewe huweka onyo chini ya fomu hizo kwamba nywila zisitumwe kupitia humo.

Wapo wanaopendekeza kuandika nywila ya uongo kwanza, kwa hoja kwamba tovuti bandia itaipokea. Jaribio hili lina ukweli upande mmoja tu. Tovuti ikipokea nywila ya uongo ni bandia. Ikiikataa bado inaweza kuwa bandia, kwa sababu nyingine hupitisha kila kinachoandikwa kwenye tovuti halisi papo hapo na kumrudishia mtu jibu la kule.

Njia inayoepuka mipaka yote hii ni kutotumia kiungo kilicholetwa. Mwombaji huandika mwenyewe anwani ya taasisi anayoijua na kutafuta tangazo hilo ndani yake. Muda wa maombi ukiwa umeongezwa kweli, utaonekana pia huko.

## Baada ya kujaza fomu bandia

Hatua hutegemea kilichoandikwa. Aliyetoa namba ya siri huibadilisha mara moja kisha huwapigia wahudumu wa mtandao wake wa simu. Aliyetoa nywila huibadilisha kwenye huduma hiyo na kila mahali alipoirudia, akianzia na barua pepe, kwa kuwa kupitia barua pepe nywila nyingine zote zinaweza kubadilishwa. Aliyetoa taarifa za kadi huitaka benki yake iifunge.

Aliyetekwa WhatsApp huisajili upya kwa namba yake kwenye simu yake, na hapo simu ya tapeli hutolewa. Ikiwa tapeli ameweka namba ya siri ya hatua ya pili, mwenye akaunti anaweza kulazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuingia bila namba hiyo. Wakati huo ni muhimu kuwaarifu watu wa karibu kwa njia nyingine ili wasitume fedha.

Aliyetoa namba ya kitambulisho hawezi kuibadilisha. Anachoweza ni kukagua namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kuwa na shaka na wapigaji wanaomtajia taarifa zake. Nchini Tanzania namba za matapeli hutumwa bure kwenda 15040. Nchini Kenya wateja wa Safaricom hutuma ujumbe wa utapeli kwenda 333.

## Sheria

Kenya ina kifungu kinachotaja hadaa ya namna hii waziwazi. Kifungu cha 30 cha sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 kinamhusu anayetengeneza au kuendesha tovuti ili kumshawishi mtu atoe taarifa binafsi kwa lengo lisilo halali. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa suala hili kwa upande wa pili. Inazitaka taasisi zikusanye taarifa zinazohitajika kwa lengo lililotajwa, si zaidi. Hivyo mwombaji anayeuliza kisanduku fulani ni cha kazi gani anauliza jambo ambalo taasisi halisi inapaswa kuweza kulijibu.

## Tazama pia

* Nywila
* Kivinjari
* Utapeli
* Faragha